Kiapo cha kurudia mstari kwa mstari: maswali ninayoulizwa kila mara

Nafundisha Kiswahili hapa Kisumu, na wikendi nyingi hujikuta nimeshika maikrofoni kwenye shughuli za vikundi: viranja wanaapishwa, kamati mpya inaingia, wanabodaboda wanafungua steji. Kila mara kuna mtu ananiletea karatasi na kuniambia, "Mwalimu, tutengenezee kiapo, watu warudie." Maswali huwa yale yale, na majibu ni haya. Mfano ninaourudia hapa ni wa kikundi cha bodaboda karibu na Kondele, watu kama sitini, kwa sababu karatasi yao ilikuwa na karibu kila kosa ninalolijua.

Tumeandika aya nzuri. Kwa nini isisomwe hivyo hivyo, tukikata popote pumzi inapoisha?

Kwa sababu pumzi ya msomaji si kumbukumbu ya umati. Aya ya wale wa Kondele ilikuwa hivi: "Mimi kama mwanachama wa kikundi hiki naahidi kwamba nitazingatia sheria zote za barabarani ikiwemo kuvaa helmeti na jaketi ya riflekta na kutobeba abiria zaidi ya mmoja na kutoendesha pikipiki nikiwa nimelewa na kulipa mchango wa kila wiki bila kuchelewa."

Ukiisoma kimya kimya, haina tatizo. Katibu aliijaribu kwa watu kumi, akakata alipochoka: "Mimi kama mwanachama wa kikundi hiki naahidi kwamba." Waliorudia walianza kwa nguvu, "Mimi kama mwanachama," kisha ukasikika mvumo kama wa nyuki, halafu sauti zikapanda tena kwenye "kwamba." Hiyo ndiyo dalili ya mstari mrefu, na huhitaji kipimo kingine. Mwanzo unasikika, mwisho unasikika, katikati watu wanatafuna maneno. Walioko nyuma hawarudii ulichosema wewe. Wanarudia walichosikia kwa jirani.

Basi mstari uwe na urefu gani?

Silabi 5 hadi 8. Nikifika 9 nasita, nikifika 10 nakata.

Namba 8 sikuitoa hewani. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo, nao unagawanywa vipande viwili vya 8, ukwapi na utao. Hata asiyejua majina hayo amekua akisikia vipande vya urefu huo kwenye nyimbo na mashairi ya shuleni, kwa hiyo sikio lake linakipokea kipande kama hicho bila kazi.

Kuhesabu ni rahisi kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu. Hesabu irabu, kisha ongeza zile M na N zinazosimama peke yake: "mteja" ni m-te-ja, 3, "nchi" ni n-chi, 2. Lakini "mwenzangu" ni mwe-nza-ngu, 3 pia, maana hapo M imeshikana na W. Maneno ya mkopo kama "helmeti" huleta ubishi: kwa mizani ya kizamani ni he-l-me-ti, 4, ila mdomoni mwa watu "hel" ni pigo moja. Kwenye kiapo fuata mdomo.

Nikate wapi?

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza, mstari usiishie kwenye neno linalongoja jingine: kwa, na, ya, kwamba, ambaye, ikiwa. Ukiishia hapo sauti yako inabaki juu hewani. Nusu ya umati inasubiri uendelee na nusu inarudia, na kuanzia hapo mmepishana mpaka mwisho.

Pili, na hili watu hawalifikirii, kila mstari utasikika peke yake. Baada ya mstari kuna kimya, halafu watu sitini wanautamka kwa sauti kubwa, halafu kimya tena. Kwa muda wa sekunde kadhaa mstari huo ndio kiapo kizima. Wale wa Kondele, baada ya kuambiwa wafupishe, walileta hii:

Sitaendesha pikipiki
nikiwa nimelewa.

Urefu unavumilika, silabi 9 na 7. Lakini mstari wa kwanza umewafanya wanabodaboda sitini waape kwamba hawataendesha pikipiki! Kwenye mazoezi kijana mmoja aliuliza, "Sasa tutakula nini?" na kikao kikaisha kwa kicheko. Ingekuwa siku yenyewe, mbele ya wageni, kicheko hicho kingekula na mistari mitatu iliyofuata.

Dawa ni kutanguliza sharti. Kiswahili kina -ki-, tuitumie: "Nikinywa pombe," silabi 5. Hapo sikio linajua kuna jambo linakuja, na hakuna aliyeapa upuuzi. Mstari wa pili tulijaribu "sishiki usukani," silabi 7. Kwenye karatasi uko sawa. Midomoni mwa watu ulikataa, kwa sababu nitakayoieleza hapo chini. Tukaishia na maneno yaliyotoka kwao wenyewe:

Nikinywa pombe,
pikipiki inalala.

Silabi 5 na 8. Mstari wa pili unaruka wenyewe, pi-ki-pi-ki, kisha unatulia kwenye "inalala." Mzee mmoja wa steji aliurudia mara tatu bila kuombwa.

Kwa kifupi, mchukue mtu ambaye hakuwa kwenye kikao, msomee mstari mmoja tu. Akisema "enhe?" uko salama. Akicheka, au akiuliza "eti nini?", kata kwingine.

Kwa nini "sishiki usukani" ulikataa?

Kwa sababu ya ndimi zetu. Dholuo haina sauti ya SH, kwa hiyo wengi wetu tuliolelewa nayo huibadilisha kuwa S, hasa tukiharakisha. Mstari wenye S na SH zilizopakana unawafanya watu wakwame mahali tofauti: mmoja anasema "sishiki," mwingine "sisiki," wa tatu anajisahihisha katikati. Mtu mmoja akisema hivyo si kitu. Watu sitini wakikwama, mdundo umekufa. Ukielekea Bungoma utakuta B na P zinabadilishana nafasi, na Nakuru, kwenye vikundi vyenye Wakalenjin wengi, vivyo hivyo.

Sisemi uondoe kila SH. Moja kwenye mstari haina shida. Epuka tu kuzirundika, na fanya jaribio na wanachama halisi, si na mwalimu wa Kiswahili. Mimi mstari huo niliuona sawa kabisa.

Tuonyeshe basi kiapo chote cha bodaboda.

Hiki hapa, na silabi pembeni. Kilisomwa hivi siku yenyewe.

Mimi… (kila mmoja jina lake)
mbele ya wenzangu (6)
naahidi hivi: (6)

Helmeti kichwani, (6)
yangu na ya abiria. (8)

Abiria mmoja, (7)
siongezi wa pili. (7)

Nikinywa pombe, (5)
pikipiki inalala. (8)

Mteja wa usiku (7)
namfikisha salama. (8)

Mwenzangu akianguka, (8)
nasimama kwanza. (6)

Mchango wa wiki (6)
nalipa Jumamosi. (7)

Nikivunja ahadi hii, (9)
kikundi kinihoji. (7)

Hii ni ahadi yangu. (8)

Angalia mambo machache. "Sheria zote za barabarani" imetoka. Hakuna anayeweza kuona sheria zote akilini akiwa ameinua mkono, ila helmeti anaiona. Jaketi ya riflekta nayo imetoka, ingawa mwenyekiti aliitetea sana. Sheria inaitaka, ndiyo, lakini ikaachwa kwenye kanuni za kikundi zilizoandikwa, maana kiapo kikibeba kila kitu hakikumbukwi hata kimoja. "Bila kuchelewa" imekuwa "Jumamosi." Kuchelewa ni ubishi; Jumamosi ni siku.

Mistari ya mteja wa usiku na mwenzangu kuanguka haikuwa kwenye aya ya kwanza kabisa. Ilitoka kwenye kikao, watu walipoulizwa ni jambo gani wangependa wateja wawajue nalo. Nafikiri ndiyo mistari mizuri kuliko yote, na si mimi niliyeitunga.

Utaona pia karibu yote ni jozi. Msomaji anapandisha sauti kidogo kwenye mstari wa kwanza na kuishusha kwenye wa pili. Umati unaiga sauti pamoja na maneno, hivyo ukishusha sauti kila mstari, wao pia watashusha, na kiapo kitasikika kama orodha ya mahudhurio.

"Nita-" au "na-"? Tumezoea "nitavaa, nitalipa, nitaheshimu."

Zote ni sahihi. "Nita-" inakula silabi moja zaidi kila mara, na kwenye mstari wa silabi 7 hiyo si kidogo. Halafu "nitalipa" inaweza kuwa kesho. "Nalipa Jumamosi" inasikika kama tabia ya mtu. Kwa ukanusho ninaipenda zaidi "si-" fupi: "siongezi" badala ya "sitaongeza." Ila ukichagua, shikilia uliyochagua. Kuchanganya "nita-" na "na-" ovyo kunafanya watu wabahatishe kiambishi, na utasikia "nitanalipa" kutoka nyuma.

Tuseme "naahidi" kila mstari?

Hapana. Mara moja juu, halafu "hivi." Nukta mbili zinabeba yaliyobaki. Kurudia neno mwanzoni kunapendeza likiwa fupi na lina pigo, lakini "naahidi kwamba" ni silabi 6. Limekwisha kula mstari kabla hujaahidi chochote.

"Mimi" au "sisi"?

"Mimi." Kwenye "sisi" mtu anaweza kujificha, kila mmoja anadhani yule wa pembeni ndiye atakayesimama mwenzao akianguka. "Sisi" naiachia kaulimbiu ya mwisho, kama kikundi kinayo.

Sehemu ya jina tuifanyeje? Kwetu ilivurugika.

Ilivurugika kwa kila mtu. Mara ya kwanza naapisha viranja wa shule moja, niliandika "Mimi, taja jina lako," nikasoma kama nilivyoandika. Viranja ishirini na wanne wakaitikia kwa pamoja, kwa heshima zote: "Mimi, taja jina lako." Mwalimu mkuu alikuwa amesimama kando yangu. Sikumtazama.

Usiandike maagizo ndani ya kiapo. Kabla ya kuanza waambie: "Nikisema 'Mimi' na kuinua kiganja, kila mtu ataje jina lake, kisha tunyamaze." Siku yenyewe unasema "Mimi," unainua kiganja, unangoja kelele za majina zitulie zenyewe. Kwa watu sitini inachukua kama sekunde nne. Usiwaharakishe.

Hali kadhalika "rudieni baada yangu." Ukiisema kwa sauti ile ile ya kiapo, watakaokuwa makini watairudia. Iseme kwa sauti ya kawaida, na kabla ya kiapo jaribuni mstari mmoja usio na maana yoyote, kwa mfano "Leo ni Jumamosi." Hapo watu wanajua kimya kinakaa wapi, nawe unajua kama wa nyuma wanasikia.

Nani asome, na asome kwa kichwa au kwenye karatasi?

Karatasi. Hata anayekijua.

Tarehe 20 Januari 2009 wengi wetu huku tulikuwa mbele ya runinga, maana anayeapa alikuwa Barack Obama, mtoto wa baba kutoka Kogelo, Siaya. Jaji Mkuu John Roberts alimwapisha bila karatasi. Mwanzoni kabisa walipishana: Jaji alikuwa bado hajamaliza kipande cha kwanza, Obama akaanza jina lake, kwa sababu hawakuwa wanakata mahali pamoja. Kisha kwenye kipande kilichofuata, ambacho ni kirefu, neno linalomaanisha "kwa uaminifu" likasogea mpaka mwisho mahali ambapo si pake. Obama akasita, Jaji akajaribu kurekebisha, Obama akarudia kama alivyosikia kwanza. Kesho yake, tarehe 21, kiapo kikarudiwa Ikulu ya Marekani kwa tahadhari. Kipande kirefu, mipaka isiyokubaliwa na wawili, na hakuna karatasi. Wale walikuwa watu wawili tu, wanasheria wote.

Karatasi ya msomaji iwe na maandishi makubwa, kila mstari peke yake, na nafasi wazi baada ya kila jozi. Jozi isigawanywe na ukingo wa ukurasa. Simu sipendi: skrini hujizima kwenye "Mteja wa usiku," na juani haionekani.

Kuhusu nani asome, mchague mwenye sauti inayofika, si mwenye cheo. Mgeni rasmi anaweza kusimama mbele na kupokea ahadi. Si lazima aisome.

Kasi je? Na kiapo kizima kichukue muda gani?

Umati ni mzito kuliko mtu mmoja. Mstari unaousema kwa sekunde 2, wao watautumia 3 hivi, kisha acha sekunde moja. Hiyo ni 6 kwa mstari. Mistari 18 ni sekunde 108, karibu dakika mbili na sehemu ya jina ikiwemo. Nikivuka mistari 20 mikono iliyoinuliwa huanza kushuka.

Usianze mstari unaofuata mpaka usikie silabi ya mwisho kutoka nyuma kabisa. Kama spika ziko mbali, sauti yako itarudi na kukufikia wewe mwenyewe kwa kuchelewa, nawe utajikuta unavuta maneno. Jisikilize mdomoni, si kwenye spika. Hapa Kisumu mchana kuna upepo wa ziwa. Uwanja ukiwa wazi, simama upepo ukiwa mgongoni mwako ili uwapelekee sauti.

Ni kiapo au ni ahadi? Kuna wanachama wanakataa kuapa.

Wana sababu, na huku kwetu utakutana nao haraka. Marafiki, yaani Wakweka, walifungua misheni Kaimosi mwaka 1902 na wameenea Vihiga, Kakamega na Bungoma. Msimamo wao wa tangu zamani ni kutoapa, kwa ile Mathayo 5 inayosema msiape kabisa, na ndiyo yenu iwe ndiyo. Ukiandika "naapa" na kufunga kwa "ee Mungu nisaidie," umemfanya mwenzako achague kati ya kikundi na kanisa lake, kwa jambo la helmeti.

Ndiyo maana juu nimetumia "naahidi" na sikuweka jina la Mungu. Anayetaka kumtaja ataomba kabla au baada. Hata Katiba ya 2010, kwenye viapo vya Jedwali la Tatu, inampa mtu nafasi ya kuthibitisha badala ya kuapa. Na kama ni kiapo cha kisheria, cha ofisi ya umma, usiguse hata neno: maneno yake yamewekwa, na kazi yako ni kuamua vituo tu.

Mtu akikataa mstari mmoja tu?

Anyamaze kwenye huo. Wakinyamaza watano kwenye mazoezi, mstari una kasoro, rudini mezani.

Vina viwepo?

Vikija vyenyewe, sawa. Ukivitafuta utaanza kuahidi mambo kwa sababu tu yanaishia na -ama.

Tunaweza kuchanganya Dholuo au Kiluhya?

Kama wote wanaielewa lugha hiyo, fanyeni kiapo chote ndani yake. Msichanganye katikati. Kila lugha ina mwendo wake wa silabi, na umati unaojua saa ya kuingia kwenye Kiswahili unapotea mstari wa Dholuo unapoingia ghafla. Mstari mmoja wa mwisho unaweza kuwa wa lugha ya nyumbani, kwa sababu hapo mdundo unaisha hata hivyo.

Mwanachama mpya akija peke yake miezi mitatu baadaye?

Kiapo hicho hicho, kasi tofauti. Mtu mmoja ana haya kuliko watu sitini, na sauti yake itashuka kufikia mstari wa sita. Wale wa Kondele wamelipata suluhisho wenyewe: mpya anasimama katikati, anasomewa na mwanachama mmoja, na mstari wa pili wa kila jozi steji nzima inausema pamoja naye. Nilipita pale juzi jioni wakati mmoja anaapishwa. Mteja aliyekuwa ameketi nyuma ya pikipiki akingoja kuondoka naye aliitikia "pikipiki inalala," kisha akamtazama dereva wake usoni.